Filamu ya Kriketi Tuliyoitia Kihindi

Hadi leo nikikumbuka zile karatasi zilizochorwachorwa kwa kalamu nyekundu, damu hunichemka. Nimejaribu kusamehe. Kuna siku hudhani nimefaulu, kisha nasikia mtu akitangaza mchezo redioni na hasira inarudi mbichi kabisa.

Ilikuwa miaka ya sabini, baada ya Waasia kufukuzwa Uganda na baadhi yao kuletwa Sweden. Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilizaliwa Mwanza, nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya mababu zetu waliotoka India, na Stockholm nilikuja kusomea ukutubi. Lakini Kihindi nilikijua vizuri, na kriketi niliijua zaidi, maana marehemu baba alikuwa mwandishi wa mabao wa klabu yetu na mimi ndiye niliyemchongea penseli.

Jumuiya moja ya elimu ya watu wazima ilipata filamu ya dakika ishirini, mechi ya kriketi yenye utangazaji wa Kiingereza. Walitaka kuionyesha Jumapili moja kwenye ukumbi wa Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, kwa familia zilizotoka Uganda. Akina mama na wazee wengi hawakukifuata Kiingereza cha mbiombio, kwa hiyo tuliombwa watu wawili tuitie sauti ya Kihindi: mimi niandike, na mwenzangu asome.

Mwenzangu alikuwa Mpunjabi wa Jinja. Huko alifundisha hesabu na kuwa mwamuzi wa kriketi kila wikendi kwa miaka mingi. Stockholm alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye akaniita binti. Tulizungumza Kiswahili, chake cha Uganda na changu cha Ziwa, kwa sababu Kipunjabi chake na Kikachi changu havikuelewana, na Kihindi tulikiweka kwa kazi.

Tulifanya kazi wiki tatu jikoni kwake Alby, kitongoji jirani na Hallunda. Ugumu ulikuwa huu: Kihindi huweka kitenzi mwishoni. Kwenye filamu mpira unapita chini ya gongo, unaangusha vijiti vilivyosimama nyuma ya mpigaji, naye ametolewa, na mtangazaji Mwingereza anamaliza kwa maneno mawili. Nikitafsiri kwa utaratibu, jambo lenyewe linafika wakati mpigaji ameshageuka kwenda zake.

"Usianze na mpigaji," Mwalimu aliniambia. "Anza na kilichotokea. Mtu aliyekaa uwanjani anaona nini kwanza?"

"Vile vipande viwili vinavyolazwa juu ya vijiti, vikiruka."

"Basi sema hivyo."

Tukaandika: *Aur yeh bold. Gilliyan hawa mein.* Yaani, na huyo, bold, vipande viko hewani. *Gilli* ni neno la mchezo wa vijiti wa watoto, kila bibi analijua. *Bold* ni la Kiingereza kwa asili, lakini kwenye viwanja vyetu lilikuwa limeshakuwa letu, kama goli na penalti zilivyo za kila mtoto wa Mwanza anayepiga mpira wa matambara. Hivyo ndivyo tulivyopima kila mstari. Gongo, mpira, mpigaji na mrushaji tuliviita kwa Kihindi. Mpira ukivuka mpaka tulisema *chauka*, yaani mbio nne, neno fupi ambalo mtu anaweza kulivuta atakavyo. Lakini ova, yaani mirusho sita ya mrushaji mmoja, na majina ya nafasi za wachezaji kama slipu na guli tuliyaacha yalivyo. Mwalimu alisoma kwa sauti huku nikitazama saa, na mstari ukizidi sekunde zake tulikata.

Kisha jumuiya ikapeleka kazi yetu kwa mtaalamu wake wa lugha. Alikuwa Mswidi mpole, aliyejifunza Kihindi vitabuni na kukaa India mwaka mmoja. Alituita ofisini kwake mjini, akatumiminia kahawa, akaturudishia karatasi. Karibu kila mstari ulikuwa mwekundu.

"Mmetumia Kiingereza kingi mno," alisema. "Watu hawa wana haki ya kusikia lugha yao safi."

Watu hawa. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Niliposoma alichoandika nilidhani macho yananidanganya. Kuna nafasi ya mchezaji iitwayo *fain leg*, nyuma ya mpigaji, upande wa miguu yake. Yeye aliifanya *sundar taang*, mguu mzuri, kana kwamba tunamsifu mcheza dansi. Ova ya mirusho sita isiyopata hata mbio moja huitwa *meden*. Yeye alilifuata neno la Kiingereza kama lilivyo, akaandika *kunwari*, mwanamwali. Na pale penye *bold* yetu palisimama sentensi hii: *Ballebaaz ke pichhe gaade gaye dande gend dwara gira diye gaye.* Vijiti vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji vimeangushwa na mpira. Sarufi yake haikuwa na kosa. Ilifaa kwa hati ya polisi.

"Bwana," Mwalimu alisema taratibu, "neno hili haliko hivi uwanjani."

"Kamusi inaliruhusu," alijibu.

"Wewe umewahi kuusikiliza mchezo huu kwa Kihindi?"

Hakuwahi. Alikiri bila haya, akaongeza kuwa suala ni lugha, si mchezo. Nikamwambia kwa Kiswidi kwamba wenye lugha ndio sisi. Alitabasamu na kusema wenye lugha mara nyingi hawaioni vizuri, kwa sababu wako ndani yake. Nilizikusanya zile karatasi nikazitia mkobani, na kule kuzikusanya siku ile kunaniuma kuliko yote.

Tulirekodi alivyotaka. Mwalimu alikubali kwa sababu aliona tukikataa familia zitakosa filamu kabisa. Fundi wa sauti, kijana wa Kiswidi asiyejua neno la Kihindi, alisimamisha mkanda mara mbili.

"Anachelewa," alisema. "Mpigaji ameshatoka, msomaji bado anaeleza. Na mbona anasoma kama taarifa ya hali ya hewa?"

Mtaalamu akamwambia aendelee.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu walikuja na vyombo vya chakula, wajukuu wakisemeshana Kiswidi. Filamu ikaanza. Kwenye *mguu mzuri* vijana walicheka. Kwenye *mwanamwali* bibi mmoja alijitanda mtandio usoni, na mumewe akauliza kwa sauti ni filamu gani hii wameletewa. Sauti iliyokuwa ikichekwa ilikuwa ya Mwalimu, na wote waliijua. Nilimwona ameinamisha kichwa, mikono magotini.

Halafu akainuka. Alikwenda kwenye mashine ya filamu na kumwomba mwendeshaji, kwa Kiswidi chake cha kuungaunga, arudishe mkanda mwanzo na afunge sauti. Akasimama kando ya turubai bila karatasi, akatangaza. Mstari wetu wa kwanza aliutoa kama tulivyouandika. Baada ya hapo aliongeza yake, akivuta *chauka* mpaka mpira ulipogusa kamba. Mrushaji alipoanza kukimbia alishusha sauti, hata watoto wakasogea mbele. Alipotamka *bold*, vipande vilikuwa ndiyo kwanza vinaruka. Yule bibi wa mtandio alipiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mtaalamu alikuwepo. Alipiga makofi pia.

Mwezi uliofuata jumuiya ilichapisha jarida lake. Liliandika kuwa filamu ilipokewa kwa shangwe, na kumshukuru mtaalamu kwa tafsiri iliyogusa mioyo ya wageni. Mwalimu alitajwa kama msomaji. Mimi sikutajwa. Niliandika barua ya kurasa mbili, nikieleza nani aliandika nini na nini kilizimwa ukumbini. Nikajibiwa kwa mistari mitatu kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Nilimpelekea Mwalimu majibu hayo. Aliisoma akasema, "Binti, watu waliiona mechi. Yatosha."

Kwake yalitosha. Mimi sikukubali siku ile na sikubali sasa. Ule mkanda, kwa ninavyojua, bado umewekwa rafuni mahali fulani mjini, na sauti ya Mwalimu ndani yake inasema vijiti vimeangushwa na mpira.