Mama Pasi Anamwandikia Hakimu

Shuka huingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali zikiwa na damu, dawa na jasho la watu ambao wafuaji hawatawaona kamwe, na hutoka zimenyooka, zimekunjwa, hazikumbuki kitu. Mwanamke anayezinyoosha wanamwita Mama Pasi. Jina limemganda kiasi kwamba hata wauguzi waliohamia juzi hawajui kama ana jingine. Ni mrefu, si mwingi wa maneno, na viganja vyake vimekomaa hata kikombe cha chai ya moto hukishika bila kutafuta kishikio. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee akiwa bado anatambaa. Tangu hapo aliomba zamu za usiku, zenye nyongeza ya mshahara. Nyongeza hiyo ndiyo iliyomsomesha mtoto mpaka alipozikimbia hesabu za kidato cha tatu na kwenda kujifunza kuchomelea vyuma.

Mtoto huyo, sasa kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa rumande.

Aliingia karakana ya fundi wake na wenzake wawili, wakabeba mashine ya kuchomelea. Hawakuvunja mlango. Ulifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo huo fundi alikuwa amempa kijana kwa mkono wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwahi asubuhi. Walikamatwa wakitafuta mnunuzi. Au tuseme alikamatwa yeye, maana wenzake walikuwa na miguu myepesi. Mahakamani alisomewa shtaka akasema, “Ni kweli.” Mwendesha mashtaka akaeleza jinsi wizi ulivyofanyika, hatua kwa hatua, na hakimu akamuuliza tena kama maelezo hayo ni sahihi. “Ni sahihi, mheshimiwa.” Akatiwa hatiani hapo hapo. Lakini hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakutoa adhabu siku ile. Aliagiza afisa wa uangalizi aende nyumbani kwa kijana akachunguze maisha yake, alete ripoti. Kisha akasema kwamba kama familia ina la kusema kabla ya adhabu, iliandike.

Mama Pasi alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi.

Alianza kuandika kwenye meza ya kukunjia shuka, mchana mmoja alipobadilishiwa zamu. Shoga yake, mkunjaji mwenye mdomo usio na breki, alikuwa upande wa pili akipanga foronya.

“Anza na machozi,” shoga alimshauri. “Hakimu naye ni mama.”

“Machozi hayaandikiki.”

“Basi andika ana pumu.”

“Mwanangu hana pumu, wewe!”

“Hana leo. Rumande kuna vumbi, ataipata.” Shoga alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akasogea kumpangusia jasho kwa foronya iliyokuwa imeshapigwa pasi. “Samahani, dada. Nasema tu ili tusilie.”

Mama Pasi aliandika alivyoamini. Kwamba mwanawe ni mtiifu. Kwamba wenzake walimdanganya, wakamwambia fundi ametaka mashine ipelekwe kwa mteja, naye akawafungulia bila kujua kama ni wizi. Kwamba alikiri kwa woga tu. Hakuna mtu aliyemwambia hayo. Aliyapanga mwenyewe usiku baada ya usiku, pasi ikienda na kurudi, mpaka yakanyooka, naye akayaona ni kweli.

Barua aliitia kwenye bahasha, akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kusimama karibu na mahali hakimu anapoegesha gari. Mlinzi alimwona.

“Mama, unamngoja nani?”

“Mheshimiwa. Nina barua yake.”

“Ukimpa mkononi utamharibia yeye na kujiharibia wewe. Nenda kwa karani, mlango wa pili.”

Karani wa mahakama alikuwa mama wa miwani mizito, amezungukwa na majalada yaliyofungwa kwa kamba. Alimkaribisha kiti, akaichukua bahasha, akamweleza bila haraka. Barua kwa hakimu haiwi ya siri. Inapokelewa ofisini, inagongwa muhuri, inatiwa kwenye jalada la kesi, na nakala anapewa mwendesha mashtaka. Siku ya adhabu inaweza kusomwa mbele ya watu wote, mlalamikaji akiwepo.

“Fundi naye atasikia?”

“Atasikia. Ana haki.” Karani alianza kusoma. Katikati ya ukurasa alivua miwani. “Mama, nani kakwambia kijana hakujua?”

Mama Pasi aliitazama barua yake mkononi mwa karani.

“Sikufundishi cha kuandika, mimi si wakili. Ila nikueleze kinachoweza kutokea. Mwanao alikiri. Barua hii inasema hakujua kama wanaiba. Asiyejua hajakosa. Hakimu akimuuliza, naye akasema hivyo hivyo, kukiri kwake hakusimami tena. Itaandikwa kwamba amekana, mashahidi waitwe, kesi ianze mwanzo, naye huenda akaendelea kukaa rumande.”

“Kwa hiyo niifiche kweli?”

“Hapana!” Karani alisema kwa nguvu mpaka mtu wa meza ya jirani akageuka. “Kama kweli hakujua, aseme mwenyewe, mapema, mbele ya hakimu. Asifungwe kwa kosa ambalo si lake. Lakini kama alijua, hii barua ni uongo wenye sahihi yako. Nenda kamuulize.”

Mama Pasi aliirudisha barua kwenye mkoba. Alikuwa amekwishakwenda rumande mara nyingi, akiuliza kama kijana amekula, kama analala, kama kuna mtu anayemwonea. Swali hilo moja hakuwahi kulifikisha mdomoni.

Wageni wa rumande husimama upande mmoja wa waya na mahabusu upande wa pili, wote wakipaza sauti kwa wakati mmoja, hivi kwamba siri ya mtu huwa siri ya wote. Kijana alikuwa amenyolewa. Masikio yalionekana makubwa, kama ya utotoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nina swali. Unijibu kama unavyomjibu Mungu.”

Kijana alishika waya.

“Ulipofungua ule mlango, ulijua mnakwenda kuiba?”

Alitazama chini. Jirani yake, mahabusu mwenye umri wa babu, aligeuza kichwa upande mwingine ili awaache peke yao, zawadi pekee iliyokuwepo mahali pale.

“Nilijua, mama.”

“Walikutisha?”

“Hapana. Mimi ndiye niliyewaambia ufunguo ninao.”

Mama Pasi hakulia. Alihisi tu kitu kikishuka ndani yake polepole na kutulia chini kabisa, pale ambapo hakingeondoka tena. Akasema, “Haya,” kisha akasema, “Asante kwa kuniambia,” na askari akapiga kengele.

Nyumbani aliichana barua ya kwanza. Kaka yake, mfyatua matofali mwenye bega moja lililoshuka kwa mizigo ya miaka mingi, alikuja kumjulia hali, akamkuta ameinamia karatasi tupu.

“Andika yule mtoto hakulelewa na baba,” kaka alisema. “Mahakama hupenda hilo.”

“Wangapi hawakulelewa na baba na hawajaiba?”

“Sasa utaandika nini, dada? Kwamba ni mwizi?”

“Ndiyo.”

Kaka aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akarudi kukaa. “Watu watasema asiyefunzwa na mamaye…”

“Watamalizia wenyewe. Wanajua inavyoishia.”

Barua ya pili ilikuwa fupi. Aliandika:

“Mheshimiwa Hakimu, mimi ni mama mzazi wa mshtakiwa. Nimemuuliza naye ameniambia alijua anaiba. Alimwibia mtu aliyempa ufunguo na kazi. Fundi alikaa bila mashine, na mageti aliyoahidi wateja hayakumalizika kwa wakati. Hilo ni kosa la mwanangu, sina njia ya kulipunguza. Hajawahi kushtakiwa kabla ya hili. Alipokamatwa alionyesha mashine ilipo na hakusumbua mahakama. Mimi nafanya kazi usiku, hivyo tangu akiwa mdogo amekuwa akilala bila mtu mzima nyumbani. Sisemi hivyo ili alaumiwe mwingine, nasema ili ujue. Ninaomba, kama sheria inaruhusu, asipelekwe gerezani, apewe nafasi ya kufanya kazi na kumlipa fundi hasara yake.”

Alisita kwenye sentensi ya zamu za usiku. Kaka alimwambia aifute, maana ni kujichimbia kaburi. Hakuifuta. Asubuhi aliipeleka kwa karani, ikagongwa muhuri, ikaingia kwenye jalada.

Siku ya adhabu mwendesha mashtaka alieleza kwamba hana kumbukumbu ya kosa lingine la mshtakiwa. Fundi alisimama akiwa na makovu madogo ya cheche mikononi. Alisema mashine imerudi lakini nyaya zake zilikuwa zimekatwa. “Nyaya zinanunuliwa,” alisema. “Nilichoshindwa kununua ni usingizi. Siku hizi nalala na ufunguo mfukoni, na wanafunzi wangu wengine nawatazama kama wezi. Hilo ndilo alilonifanyia.” Akakaa.

Hakimu aliisoma barua kwa sauti ile ile ya chini. Watu waliojaa kwenye mabenchi walimgeukia Mama Pasi mmoja mmoja. Kizimbani, kijana aliposikia “alijua anaiba” kwa maneno ya mama yake, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mbao.

“Mama mzazi yupo?”

Alisimama.

“Ripoti ya afisa wa uangalizi inasema kijana anaweza kutumikia kifungo cha nje, mradi awepo mtu wa kumsimamia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba usiku hupo. Nikimrudisha kwako leo, usiku nani atakuwa naye?”

Shoga yake, aliyekuja na sare ya kazini, alimwashiria kwa macho: sema dada yako, sema mimi, sema yeyote!

“Hakuna, mheshimiwa.”

Hakimu aliandika jambo. Ndipo kaka yake, aliyekuwa nyuma kabisa, akasimama bila kuitwa, na askari akamfuata kumkalisha.

“Mwache,” hakimu alisema. “Wewe ni nani?”

“Mjomba wake, mheshimiwa. Nafyatua matofali. Nalala nyumbani kila siku, sina pengine pa kwenda.” Watu wakacheka kidogo. “Akae kwangu. Alfajiri tunaamka pamoja.”

Hakimu alimwita afisa wa uangalizi, akamuuliza kama nyumba ya mjomba anaifahamu. Afisa alisema alifika huko wakati wa uchunguzi, na kwamba yuko tayari kumsimamia kijana akiwa pale. Kisha hakimu akamgeukia kijana, akamweleza kwa maneno mepesi: atakuwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja na nusu, ataishi kwa mjomba wake, ataripoti kwa afisa kila atakapotakiwa, atamlipa fundi gharama ya nyaya kidogo kidogo, na akivunja sharti lolote atarudishwa mbele yake ahukumiwe upya kwa kosa hili hili. “Unakubali? Nisingependa ukubali bila kuelewa.”

“Naelewa, mheshimiwa. Nakubali.”

Walimtoa kupitia mlango wa pembeni baada ya kutia sahihi. Mjomba mtu alikuwa akimngoja, ameshika mfuko wa nguo zake. Kijana alimwendea mama yake, akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono.

“Mama, kwa nini hukusema utaacha zamu? Ningerudi nyumbani.”

“Nikiacha zamu tunakula nini?”

“Ungesema tu.”

“Nimeshawahi kusema tu,” alijibu. “Niliandika ukurasa mzima.”

Kijana hakuelewa, naye hakumweleza. Alimfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akalinyoosha kola kwa kidole gumba, kama kwa mazoea. Kwa mjomba ni upande wa pili wa mji. Atakuwa anamwona Jumapili kwa Jumapili, kama mgeni.

“Mtii mjomba wako,” alisema. “Na fundi, usimkwepe njiani. Ukikutana naye, simama.”

Akawatazama wakiondoka, yule mwenye bega lililoshuka na yule mwenye masikio makubwa, mpaka kona ikawameza. Kisha shoga yake akamshika mkono, wakaondoka taratibu kuelekea hospitali, kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia na shuka za wodi zilikuwa zimeshaanza kuteremshwa.