Swali la Fowsiya kule Griftu

Fowsiya Jama alirudi Garissa mwaka 1996 na diploma ya uhandisi wa maji. Kampuni ndogo ya pampu ilimwajiri, ikamweka chini ya Yarrow, fundi mkuu aliyezunguka na visima tangu Fowsiya yuko shule ya msingi.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Griftu, kijiji cha wafugaji kaskazini. Kamati ya kisima ilitaka pampu kubwa zaidi. Njiani Yarrow alimwambia, "Leo mimi nazungumza, wewe unatazama. Andika maneno yao kama walivyoyasema, si kama unavyoyaelewa. Na kila tunaloahidi, andika nani atalifanya na lini. Usinikatize. Nikimaliza nitakuuliza."

"Haya, adeer," akajibu, akimwita ami kwa heshima.

Walikaa kwenye mikeka kando ya kisima, chai ya maziwa ikazunguka. Mwenyekiti, Mzee Salah, alisema pampu ni dhaifu, mifugo inalala na kiu. Yarrow akauliza juu ya idadi ya ngamia, dizeli, mabomba. Fowsiya aliandika, lakini macho yake yalikuwa kwa Abshiro, mama aliyeshika funguo za kisima. Kila pampu kubwa ilipotajwa, mama huyo aliinamisha kichwa. Mara moja tu alisema, "Asubuhi maji ni mazuri. Alasiri bomba linakohoa." Mzee Salah akaendelea kana kwamba hakusikia.

Fowsiya akaandika: bomba linakohoa, alasiri. Bomba likikohoa ni hewa, na hewa maana yake maji yameshuka kisimani. Alifungua mdomo. Yarrow alikuwa katikati ya sentensi. Akaufunga, akameza chai iliyopoa.

Hatimaye Yarrow akamgeukia. "Fowsiya, tumeacha nini?"

Alijua akisema "mnakosea" atamwaibisha mzee. Akamgeukia mama, akamwita shangazi kwa heshima. "Eddo Abshiro, ulisema bomba linakohoa alasiri. Mkizima pampu, kesho yake maji yanarudi?"

"Yanarudi. Kila asubuhi."

Yarrow akaweka kikombe chini. "Mzee Salah, kabla sijakuuzia kitu, niruhusu nipime kisima."

Mzee aliguna, kisha akacheka. "Pima, wallahi. Tumengoja kiangazi chote."

Kesho yake waliiwasha pampu tangu alfajiri, Fowsiya akiteremsha kamba ya kupimia mara kwa mara. Maji yalishuka haraka kuliko kisima kilivyoweza kuyarudisha. Pampu kubwa ingevuta hewa mapema zaidi na kuungua. Kamati ilikubali kupunguza kasi ya pampu ile ile, iende saa nyingi zaidi, usiku pia, na kujenga tangi la kuhifadhi maji.

Kampuni haikuuza pampu siku hiyo. Lakini kabla ya mvua tangi lilijaa, na watu wa Buna, kijiji kingine, walituma ujumbe wakiomba kisima chao kipimwe.

"Buna utaanza wewe kuuliza," Yarrow alimwambia. "Mimi nitaandika."