Mtihani Niliofeli kwa Kumsitiri Mtu Mzima

Mie ni mjuaji. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Manzese, maana nimekulia kwenye duka la baba la vifaa vya ujenzi, na kuhusu misumari, mabati au sementi hunidanganyi kitu. Ndiyo maana nilipofeli mtihani wa kuomba nafasi ya mafunzo kazini, ile watu wanaita intanshipu, sikuhuzunika. Nilikasirika.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma kemia. Kampuni moja ikanitumia linki ya majaribio matatu: la kusoma na kuelewa, la hesabu, na lile linalokupa visa vya kazini likuulize ungefanya nini. Yote kwa Kiingereza, na saa inahesabu pembeni ya skrini. Nikayamaliza kwa mbwembwe, nikafunga laptop, nikaenda kula. Baada ya siku mbili ikaja barua pepe ya kunishukuru kwa kuonyesha nia. Kunishukuru! Hiyo kompyuta inanijua mie?

"Basi rudi dukani, mama," baba akasema. "Hapa hatuna mtihani."

Nilibakiwa na nafasi moja tu. Kiwanda kimoja cha sementi upande wa Wazo kilikuwa kinatafuta wahitimu wa kukaa maabara mwaka mzima, na tangazo lilitaka mtu aliyemaliza chuo ndani ya miezi kumi na miwili, na apite majaribio kama yaleyale. Miezi yangu ilikuwa inakatika. Nikikosa hiyo, kemia yangu yote ingeishia kusoma maandishi ya makopo ya rangi pale dukani.

Nikaenda Goba kwa rafiki yangu wa chuo, binti wa mwalimu kutoka bara, ambaye alishaipita mitihani hiyo na yuko kazini. Akanitafutia majaribio ya mazoezi ya bure kwenye tovuti za wanaotunga mitihani hiyo, akaweka saa ya simu, akanipa daftari jipya.

"Humu huandiki majibu," akasema. "Unaandika kwa nini ulikosea. Majibu hayatajirudia, ila kosa lako litajirudia."

Kosa la kwanza lilinitia aibu. Kifungu kilisema mauzo ya sementi ya duka fulani yalipanda mvua zilipoisha. Swali likasema: mvua ndiyo iliyokuwa imeshusha mauzo. Kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana? Nikabonyeza kweli, haraka, tena kwa dharau. Nani asiyejua watu hawajengi kwenye mvua?

"Kifungu kimesema hivyo?"

"Mie nasema hivyo!"

"Hawajakuuliza wewe, shoga. Wameuliza kifungu. Labda bei ilishuka mwezi ule, labda duka la jirani lilifungwa. Haiwezi kujulikana."

Nikaandika kwenye daftari: ujuaji. Neno hilo lilijaza kurasa mbili. Kwenye hesabu tatizo lilikuwa jingine: mifuko mia nne ikiwa mia tano, nilikuwa nagawanya ongezeko kwa mia tano badala ya mia nne tulizoanza nazo, napata asilimia ishirini badala ya ishirini na tano. Pia nilikuwa nasoma jedwali zima kabla ya swali. Akanizoesha kuanza na swali, ndipo nitafute namba ninayoihitaji, na kuliacha swali linaloning'ang'ania ili saa isiniishie. Wiki ya pili kasi ilikuja. Nilijiona kabisa nakuwa mwepesi, na nikaanza kutamba.

Lakini visa vya kazini vilinigombanisha naye. Kimoja kilisema: wewe ni mwanafunzi wa mafunzo maabara, umemuona fundi mzee anajaza matokeo ya sampuli ya sementi ambayo hajaipima. Chagua hatua bora na hatua mbaya kuliko zote. Unyamaze, umtangaze kikaoni, uipime sampuli na kubadilisha matokeo yake kimyakimya, au umuulize faragha, na asiporekebisha umwambie msimamizi kabla mzigo haujatoka.

Nikachagua kunyamaza kuwa bora.

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," rafiki yangu akasema, mkono kichwani. "Mzigo unatoka haujapimwa! Jiulize nani ataumia, wewe una nafasi gani pale, na nani anapaswa kujua."

"Yule ni mtu mzima! Nimemsitiri."

"Umemsitiri yeye, atakayejengea hiyo sementi je?"

"Nyie mmelelewa hukohuko kwenu, sie tumefunzwa adabu." Nilisema hivyo, Mungu anisamehe, nikabeba daftari langu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nimenuna.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani. Akaja mteja anataka sementi ya kumwaga linta, lile zege la juu ya milango na madirisha. Baba akainama kwenye mifuko ya pembeni, akausogelea ule wa juu mpaka pua ikakaribia kuugusa, akasoma tarehe, akasema, "Hii mpya kabisa, ya mwezi huu." Nikatupa jicho. Ulikuwa umekaa zaidi ya nusu mwaka. Nikaubonyeza kwa kidole: mabonge matupu.

"Baba," nikasema, "njoo kidogo."

Nyumbani kwetu neno hilo kila mtu analijua: kuna kosa la kuambiwa pembeni, si mbele za watu. Tukaenda nyuma ya rafu ya mabomba, nikamwambia sikioni. Akarudi, akamwomba radhi mteja, akampa mifuko mingine, ile mibovu akaiburuta uani. Mteja alipoondoka akanishika bega.

"Umenisitiri, mama."

Nikabaki nimesimama kama nimepigwa na shoti. Sikuwa nimenyamaza! Ningenyamaza, baba angekuja kusemwa Manzese nzima siku linta ya watu inapasuka. Kumbe jibu ninalo tangu utotoni, ila kunyamaza ndiko nilikokuwa nakuita kusitiri. Nikampigia rafiki yangu palepale, nikamwomba msamaha, naye akacheka mpaka akakohoa.

Siku ya mtihani wa kile kiwanda nilisoma kifungu kama mtu asiyewahi kuona sementi. Kwenye visa, kila kimoja nilikiuliza: hapa pana muda wa "njoo kidogo," au mtu anaumia sasa hivi? Penye hatari ya papo hapo nilichagua kusimamisha kazi na kumwita msimamizi, hata kama aliyekosea ana mvi. Nilipofunga laptop sikutamba, ila nilijua nimefaulu. Kweli wakaniita kwenye usaili.

Kule wakaniuliza kama nimewahi kumrekebisha mtu aliyenizidi umri. Nikawasimulia habari ya mzee mmoja na mifuko ya sementi. Sikusema ni nani.

Ujumbe wa kupata nafasi uliingia nikiwa dukani, napanga makopo. Nilipiga ukelele, wateja wakageuka. Nikamsomea baba mara mbili. Akasema alhamdulillahi, akanipa mkono kama napewa cheti, kisha akatazama wateja.

"Mama, njoo kidogo."

Tukaenda nyuma ya rafu ya mabomba.

"Nilikuwa naomba dua ukose," akasema. "Kila swala. Macho yangu hayaoni maandishi tena, na sikutaka mtu ajue. Nikasema, ukiondoka, nani ataniita huku nyuma?"

Nilitaka kukasirika, maana hasira ndiyo mali yangu. Machozi yakaniwahi.

"Kesho tunaenda kupima macho," nikamwambia. "Kabla sijaenda Wazo."

"Na watu watauliza duka limefungwa kwa nini?"

"Nitawaambia ulinisindikiza kununua sare za kazi."

Akatikisa kichwa kukubali, akajifuta uso kwa kanzu, na tukatoka kuhudumia wateja.