Nafasi ya Pili

Mama alikuwa tayari anaumwa simu ilipoingia kutoka kwa waandaaji wa mashindano ya kuonja kahawa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kumuuguza, na fomu ya mashindano niliijaza mimi. Sauti kwenye simu ilisema sampuli yetu imeshika nafasi ya pili. Nilimkuta Mama amekaa kibarazani na blanketi miguuni, bakuli la mtori wa ndizi limepoa mapajani. Nilipomwambia, alicheka hadi kikohozi kikamkamata.

"Mwite mwenzangu," alisema. "Mwite haraka."

Mwenzake alikuwa mama wa kihamba cha jirani, shamba la ukoo lililopakana na letu. Mpaka wetu na wake ni mstari wa mimea ya masale tu, na kwa miaka zaidi ya thelathini walivuka hapo kila siku. Msimu ule Mama alipoanza kuishiwa nguvu, walichanganya matunda ya mashamba yote mawili. Walichuma yaliyoiva tu, wakayamenya kwa mashine yetu ya mkono, wakaosha, wakaanika kwenye vichanja, na mchana kutwa walikaa pale wakitoa punje mbovu huku wakiongea Kichagga. Kahawa iliyoonjwa ilikuwa ya wote wawili. Lakini fomu ilikuwa na nafasi moja ya jina la mkulima, nami niliandika la Mama bila kumuuliza mtu.

Sikumwita jirani kwanza. Nilichukua simu nikampiga Mama picha, nikaandika mtandaoni: "Tumeshinda! Mama yangu ndiye mkulima bora wa kahawa Kilimanjaro. Hakuna wa kumfikia!"

Sikujiona nadanganya. Nilikuwa binti anayeona mama yake anaisha, na nilitaka dunia imjue kabla hajaondoka. Watu walipongeza kwa mamia. Siku mbili baadaye mwandishi wa gazeti akanipigia, akaniuliza kama ni kweli Mama ndiye bora. Nikasema ndiyo. Hakuuliza cheti cha mashindano, nami sikumtajia nafasi ya pili. Habari ikatoka, na picha ya Mama juu yake.

Jirani alisomewa habari hiyo kanisani baada ya ibada, na mtu aliyedhani anamfurahisha. Jumatatu hakuvuka mpaka. Jumanne pia. Nilipokutana naye njiani nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba," akapita. Siku zote alikuwa akiniongezea "mwanangu" na kuniuliza mgonjwa ameamkaje.

Mama aliuliza kila asubuhi kwa nini mwenzake haji. Nikamwambia labda ana kazi nyingi. Wiki ya pili alinitaka nimsomee nilichoandika chini ya picha yake. Nilisoma, kisha nikasoma na gazeti. Aligeuka akatazama vichanja vilivyokuwa vitupu.

"Hapo yeye yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo, Mama."

"Na ile ya pili iko wapi? Si walisema ya pili?"

Alisema nichukue kalamu. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, nami nikaandika nyuma ya bahasha.

"Sema kahawa ya msimu uliopita, iliyolimwa na akina mama wawili majirani, imeshika nafasi ya pili. Sema walioionja hawakujua ni ya nani, waliona namba tu kwenye kikombe. Hiyo useme, maana ndiyo inayoipa uzito. Taja jina lake, halafu langu. Sema tulichuma yaliyoiva peke yake. Anayetaka kuona cheti aje akione. Basi. Usiongeze."

"Si itaonekana ndogo sana, Mama?"

"Kwani ni kubwa? Ni kahawa ya mwaka mmoja. Mwaka ujao inaweza kuharibika na mvua. Ukishasema wewe ni bora kuliko wote, utasema nini siku hiyo?"

Nilimwahidi nitaiweka siku hiyohiyo. Lakini watu walikuwa bado wanaandika, wanauliza kahawa inapatikana wapi, na niliona aibu kujisahihisha mbele yao. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema tena kesho. Jumamosi Mama alizidiwa, tukamshusha hospitali mjini Moshi, na hakupanda tena mlimani akiwa hai.

Jirani alikuja msibani. Alipika, akateka maji, akafagia ua. Wakati wa kuaga mwili alisimama kando ya jeneza muda mrefu kuliko mimi. Kisha akavuka mpaka akarudi kwake bila kunipa mkono.

Baada ya mazishi nilibaki na magunia mawili, fungu letu la kahawa ya msimu mpya waliyoiandaa tena pamoja kabla ya simu ile, na sikujua la kufanya nayo. Nikaenda kwa meneja wa mgahawa mmoja mjini, mahali wanapokunywa wageni wanaoshuka mlimani. Nilitandaza gazeti mezani kwake na cheti pembeni. Alisoma vyote viwili, akavua miwani.

"Dada, pole kwa msiba. Lakini gazeti linasema bora kuliko wote, cheti kinasema wa pili. Nishike lipi?"

"Cheti."

"Na hiki cheti ni cha kahawa hii uliyobeba?"

"Hapana. Ni cha msimu uliopita. Hii haijaonjwa na mtu."

Alilisukuma gazeti kwangu taratibu. "Ungekuja na cheti peke yake ningekuamini tangu mwanzo. Nafasi ya pili kwa waonjaji wasiojua ni ya nani ni jambo kubwa kwangu. Sasa inabidi nijiulize nini kingine umekikuza." Akavaa miwani tena. "Niachie sampuli. Tutaionja wenyewe."

Nilirudi nyumbani nikaitafuta ile bahasha. Sikuituma mtandaoni kwanza. Nilivuka masale nikamkuta jirani anakata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, nikamwambia fomu niliijaza mimi, gazeti nililiongopea mimi, na Mama hakujua. Kisha nikamsomea maneno yale, jina lake likitangulia.

Aliweka panga chini. "Haya ni maneno yake," alisema. "Aliyasema lini?"

Nikamtajia siku. Alihesabu kwa vidole, kisha akaketi juu ya majani.

"Nilikuwa namsikia akikohoa," alisema. "Kutoka hapa nilimsikia. Nikajiambia, akinihitaji ataniita. Nilidhani ule ukubwa wa kwenye gazeti aliutaka yeye."

"Alikuwa anakuulizia kila asubuhi, mama."

Hakulia mbele yangu. Alisema niyaweke hayo maneno kama yalivyo, nisiongeze na kifo cha Mama ili watu wanihurumie. Nikayaweka, na picha ya cheti, na mstari mmoja wangu kwamba tangazo langu la kwanza na habari ya gazeti vilikosea, na kosa ni langu. Nilimpigia na yule mwandishi. Pongezi zilikuwa chache kuliko mara ya kwanza.

Meneja alipiga simu wiki iliyofuata. Kahawa ilikuwa nzuri, alisema, si kama watu walivyosifu, lakini nzuri, na atachukua. Aliomba majina ya wakulima ayaandike ukutani, na chini yake nafasi ya pili na msimu wake. Nilimpa majina mawili.

Jirani anakuja sasa kunionyesha namna ya kuchagua punje. Tunakaa pande mbili za kichanja. Kichagga changu ni cha kubabaisha, kwa hiyo muda mwingi tunafanya kazi kimya. Mara mojamoja anaanza kusema jambo kwa Kichagga cha kasi, akicheka, kisha anainua macho, ananiona ni mimi, na anaacha.