Kumtafutia Mngoni Kisanduku

Nilifika Songea kwa barabara ya kusini, nikitokea Mtwara, mji nilioupenda kisha ukanichosha, kama ilivyokuwa kwa miji mingine kabla yake. Tulipoiacha Tunduru basi likapasua tairi. Abiria tukakaa chini ya mikorosho, na mzee niliyekuwa nimeketi naye kiti kimoja akazitazama nywele zangu kwa muda mrefu.

"Samahani, mwanangu. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Iringa."

"Hapana. Hasa hasa."

Nikamwambia mama yangu ni Mhehe na baba yangu alikuwa Mwarabu mwenye duka. Akaridhika, akanimegea muhogo wake. Nimeulizwa swali hilo katika kila mji nilioishi, na sijawahi kuliona baya. Mtu akikuuliza hivyo, mara nyingi anatafuta tu pa kukuweka.

Songea nilipata kazi kwenye steshenari moja mtaani Lizaboni: kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Nilipanga chumba uani kwa mama mmoja wa Kingoni, mjane, muuza maharage sokoni. Siku niliyomwambia kwamba mama yangu ni Mhehe, aliinuka akaenda kumfunga mbwa wake mnyororo.

"Mtani amehamia," aliwaambia majirani. "Chungeni mbwa zenu, Wahehe hula mbwa."

Nikamjibu kwamba babu zake walitoka kusini mbali kule wakikimbia vita, na Songea hawakuichagua, miguu ilichoka tu. Tangu siku ile tukawa ndugu. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, kwa hiyo leo wana haki ya kutukanana bila mtu kununa.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja, muuguzi katika zahanati ya Ruhuwiko. Marehemu baba yake alizaliwa Namasakata, huko Tunduru, na mama wa Kiyao na baba wa Kihindi aliyekuwa akinunua korosho. Binti alikuwa na rangi ya maji ya kunde na nywele za mawimbi, na alikuwa Mngoni kuliko Wangoni wengi ninaowajua. Mtaani wengine walimwita chotara. Neno hilo linategemea mdomo linakotoka: kwa shangazi ni kubembeleza, kwa mgomvi ni tusi.

Alikuwa anaomba ufadhili wa kwenda Uingereza kusomea ukunga. Nafasi hiyo aliitaka kwa moyo wote. Alikuja steshenari siku ya mwisho wa kutuma maombi, mama yake nyuma akiwa na mfuko wa maharage. Tulijaza kurasa zote vizuri, mpaka tukafika ukurasa wa asili. Hapo tukakwama.

Kulikuwa na visanduku vingi, na ruhusa ya kuchagua kimoja tu. Weupe walikuwa na vyao, Waasia vyao, Weusi vyao. Kisha kundi la "Mixed": Mweupe na Mweusi wa Karibea, Mweupe na Mweusi wa Afrika, Mweupe na Muasia.

"Kila mchanganyiko lazima awemo Mweupe," alisema binti. "Sisi hatukumhitaji."

Chini kabisa kulikuwa na "mchanganyiko mwingine wowote", na mstari mtupu wa kuandika.

"Kwani hawana neno moja?" mama aliuliza.

Binti akasoma maelezo kwenye simu, akatufafanulia. "Mixed-race" ni neno pana, Waingereza hulitumia sana kwa yeyote mwenye asili ya zaidi ya rangi moja. "Biracial" ni wa rangi mbili, na wengi wakilisema humfikiria mtu ambaye baba ni wa rangi moja na mama ni wa nyingine. "Multiracial" ni wa rangi mbili au zaidi, bila kujali zimeingia kwa mzazi au kwa babu.

"Basi Anko ni biracial," alisema, akininyooshea kidole. "Mimi wengine watasema ndiyo, kwa sababu rangi ni mbili. Wengine watasema hapana, kwa sababu baba mwenyewe alikuwa amechanganyika."

"Na Uyao na Ungoni?" aliuliza mama yake.

"Hayo ni makabila, Mama. Kwao yote ni Mweusi wa Afrika."

"Mimi na bibi yako Myao tumewekwa chungu kimoja? Hajawahi hata kupenda mboga zangu."

Nikamwonyesha "Sipendi kusema".

"Kwa nini asipende kusema? Ameiba?"

Binti hakucheka. Alikuwa anasoma sentensi ya mwisho: maelezo ya uongo yatasababisha maombi kufutwa. Akichagua Mweusi, aliogopa wataona picha waseme amedanganya. Akichagua Muasia, mama yake alikuwa amesimama pale pale na maharage yake. Tukijaribu kupita bila kujibu, ukurasa ulitoa maandishi mekundu na kuturudisha.

Ndipo mama akatoa suluhisho ambalo kila mmoja wetu aliliona la busara.

"Twende kwa mtendaji wa mtaa. Aandike barua kwamba mtoto amechanganyika."

Kwetu huwezi kufungua akaunti ya benki bila barua ya mtendaji, sembuse kuwa chotara Uingereza. Tulikwenda. Mtendaji alisikiliza, akachukua kalamu, akasita.

"Niandike nini? Mimi nathibitisha makazi."

"Andika ukweli," mama alisema. "Ni Mngoni, ni Myao, ni Mhindi."

"Mtu anaandikwa kabila la baba."

"Baba amekufa, na aliyelea ni mimi."

Mtendaji alifikiri, akaandika, akagonga muhuri. Barua ilisema mtajwa ni mkazi halali wa mtaa huu, ni Mtanzania, na ana tabia njema. Sijaona jibu bora zaidi la lile swali, lakini halikuwa na kisanduku.

Tuliporudi, binti alichagua "mchanganyiko mwingine wowote". Kwenye mstari mtupu akaandika Mngoni, Myao, Mhindi, kwa mpangilio huo. Mama akaomba asomewe. Aliposikia Ungoni wake umetangulia, akaweka maharage chini.

Tukatuma, na barua tukaiambatisha. Baada ya kutuma ukatokea ukurasa mwingine: majibu kuhusu asili ni ya takwimu tu, mtu hujieleza anavyojiona mwenyewe, na wachaguaji hawayasomi.

"Wangesema mapema," alisema binti.

"Tungekosa muhuri," nilimjibu.

Akanilipiza papo hapo. Alifungua fomu ya chuo kimoja cha Marekani. Kule unaruhusiwa kutia alama zaidi ya moja, halafu wanakuhesabu pamoja na wote wa "rangi mbili au zaidi". Ila kwa miaka mingi Mwarabu amewekwa kundi la Weupe. Sasa ndiyo wameanza kubadilisha.

"Mama, kwa fomu hii baba yake Anko ni Mzungu."

Mama mwenye nyumba aliniangalia kuanzia kandambili. "Mzungu," alisema, "kodi yako ya mwezi huu bado."

Jina hilo lilinikaa. Majibu yalipokuja na binti akachaguliwa, mtaa mzima ulikuwa ukiniita hivyo, na nilijua nitalikumbuka nikiwa mbali, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuwasha tena. Nikapanga kuondoka naye kwa basi moja: yeye uwanja wa ndege Dar, mimi popote nitakaposhuka.

Asubuhi ile ilikuwa baridi ya Julai, pumzi zinaonekana. Stendini mama alimkabidhi binti yake ile barua ya mtendaji, ameitia kwenye plastiki.

"Wakikuuliza wewe ni nani, waonyeshe muhuri."

"Wataniuliza natoka wapi, Mama."

"Songea. Wakisema hasa hasa, sema Lizaboni."

Kisha akanigeukia, akanipa mkono, hakuuachia haraka.

"Mzungu, mfikishe Mngoni wangu. Na mbwa nitamfungua leo."