Mwaka Tulioinamia Tangawizi

Mwaka ule tangawizi ilijaa kijijini kwetu Mhezi mpaka wanunuzi wakaanza kuringa na bei ikaanguka. Wote tulikuwa tumepanda kwa kufuata bei nzuri ya msimu uliotangulia. Majirani wakaamua kupanda maharage. Mama akaniambia nipande tangawizi tena. Nililima nimenuna, hata shikamoo niliitoa kwa shida.

“Wote wakiacha, mwakani atauza nani?” aliniuliza.

Kweli, mwaka uliofuata malori yalikuta tangawizi kwetu tu, na bei ikapaa. Majirani wakaja kuomba mbegu. Mama akawapa, kisha akanishikisha debe la maharage.

“Sasa sisi tupande haya.”

Nikanuna tena. Leo shamba ni langu, na bei ya tangawizi ikipaa natafuta kwanza debe lile la maharage. Asante, mama.