Fika Mapema, Vaa Nadhifu

Kiwandani walimwita Bi Karibu, na walioajiriwa miaka ya karibuni hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha karatasi. Mtu akipata kazi pale, yeye ndiye aliyemwandikia ujumbe wa kumkaribisha: siku ya kuripoti, saa, geti, mavazi, nyaraka. Wenzake walimtania kwamba ujumbe wake ni mrefu kuliko wosia wa tajiri. Na akishautuma hatulii. Anapiga simu.

"Umeusoma? Hebu nisomee sehemu ya mavazi."

Siku yenyewe anakuwa getini kabla mlinzi hajamaliza chai yake. Wageni wakija, anawatazama shingoni kwanza, halafu usoni. Watu walidhani ni tabia yake tu. Hakuwa hivyo zamani.

Miaka kumi nyuma alikuwa na ujumbe mmoja kwa watu wote, mistari minne aliyorithi kwa karani aliyemtangulia, ulioandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Alibadilisha jina na tarehe, basi. "Tunakukaribisha kazini. Ripoti saa mbili kamili asubuhi, tafadhali fika mapema. Vaa nadhifu. Lete kitambulisho, vyeti halisi na nakala zake, picha mbili, namba ya akaunti ya benki, na jina na simu ya ndugu yako wa karibu." Siku hiyo aliutuma kwa kijana aliyeajiriwa kusaidia kwenye mashine ya kuviringisha karatasi. Kijana akajibu papo hapo: "Asante sana mama. Nitafika mapema."

Akafika mapema kweli. Bi Karibu alimkuta getini saa moja na robo, shati jeupe limenyooshwa mpaka mikono inasimama, tai ya buluu shingoni, bahasha ya kaki mkononi. Aliipokea ile bahasha akamwambia, "Umependeza, mwanangu." Mafunzo ya usalama yalikuwa saa mbili. Chumba kilikuwa bado kimefungwa. Msimamizi wa zamu akapita, akamwona kijana amekaa peke yake kwenye benchi.

"Usikae hapo kama umekuja msibani," akamwambia. "Twende nikuonyeshe mashine yako."

Bi Karibu aliwaona wakiondoka. Aliiona tai, akauona mlango wa karakana ukifunguka. Akaingia ofisini, akaiweka bahasha mezani.

Saa mbili kasoro dakika ishirini, mngurumo wa mashine ukakatika ghafla. Hakwenda kuona. Msimamizi ndiye aliyekuja ofisini, uso umempauka, akauliza kama kuna namba ya simu ya kwao. Bahasha ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Bi Karibu akaifungua, akatoa karatasi aliyoidai yeye mwenyewe, akampigia mama wa kijana.

Wakaguzi wa usalama kazini walikuja. Waligundua kwamba tai ya marehemu ilivutwa na rola ambayo kinga yake ilikuwa imeondolewa tangu wiki iliyotangulia, na kwamba mgeni aliingizwa karakana kabla ya mafunzo. Msimamizi akafikishwa mahakamani, kampuni ikaadhibiwa. Habari ya ujumbe haikuulizwa na mtu yeyote, na hilo ndilo lililomtafuna. Mwenye kosa lililosemwa hulilia, likaisha. Lake lilibaki ndani kama mfupa kooni. Mashine zikisimama, hata kwa chakula cha mchana, pumzi yake nayo ilisimama. Harusini alikaa nyuma kabisa ili asiwaone wanaume shingoni. Mumewe alimzoea, ila hakuwahi kujua kwa nini tai zake zilipotea kabatini moja baada ya nyingine.

Sasa mwaka jana ililetwa orodha ya waajiriwa sita. Jina la nne, la binti wa mashine ya kufungashia, lilimfanya avue miwani. Jina la baba lilikuwa lile lile la yule kijana, na ukoo ule ule. Akafungua fomu. Simu ya ndugu wa karibu: mama. Hakuhitaji kuilinganisha na faili la zamani, namba ile aliijua kwa moyo.

Siku mbili hakuandika kitu. Ya tatu, meneja akamuuliza, "Yule binti wa kufungashia bado hajapata ujumbe?" Akaandika. Neno "karibu" alilifuta mara tatu, mwisho akaliacha. Akatuma, kisha akapiga simu kama ilivyo kawaida yake.

"Shikamoo," binti aliitika.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee sehemu ya mavazi."

Binti akasoma. "Viatu vya kufunika mguu mzima. Nywele zifungwe. Usivae mkufu, pete, mtandio, tai..." Kisha akauliza taratibu, "Huu umeuandika wewe, mama?"

"Mimi."

"Na ule wa kaka yangu?"

Angeweza kusema ni wa ofisi. Ulimi ulikwisha kuliandaa jibu hilo. "Ule pia niliutuma mimi."

"Ulisemaje? Sisi hatukuuona. Simu yake haikurudi."

"Nilimwambia avae nadhifu. Sikumwambia kwamba anakwenda kwenye mashine."

"Kaka alitaka kwenda na fulana," binti alisema. "Mama ndiye aliyemlazimisha tai. Aliiazima kwa jirani, akamfunga kwa mikono yake. Kaka akamwambia, sawa mama, hata wao wamesema nadhifu. Mama anadhani alisema vile kumridhisha. Miaka tisa hii anajiita muuaji. Hata kazi hii alinikataza, ila nimetafuta miaka miwili na kiwanda ni hiki tu kilichonijibu. Njoo umwambie."

Jumapili Bi Karibu alikwenda, ujumbe wa zamani ameuchapa kwenye karatasi pamoja na tarehe yake. Mama alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka. Akaisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga, akaisoma, akairudia.

"Alipofika ulimwona?"

"Nilimwona, dada. Nikamwambia amependeza."

Mama aliikunja karatasi mara nne. "Alikuwa amependeza," alisema. Hakulia, wala hakusema amesamehe. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alileta chai vikombe viwili, akamwekea mgeni kimoja. "Huyu anaripoti saa ngapi?"

"Saa mbili. Kabla ya saa mbili kasorobo geti halifunguliwi kwa wageni. Na haingii karakana mpaka amalize mafunzo na kutia saini."

"Nitakuja naye."

Jumatatu wakaja wote wawili. Bi Karibu alipokea nyaraka za binti, akazihesabu mbele yake, akamkabidhi ovaroli na buti, akamsindikiza mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha mafunzo. Mama alikataa kuondoka. Mlinzi akataka kumtoa, Bi Karibu akamwambia, "Mwache, ni mgeni wangu." Wakakaa pamoja kwenye benchi la getini, wakisikiliza karakana.

Saa nne, wakati wa mapumziko, binti alitoka kunywa maji. Akamwona mama yake, akanyanyua mkono, vidole vyote vitano vimetanuka. Mama akaokota mkoba wake.

"Kesho sitakuja," alisema. "Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Mama akaenda zake. Bi Karibu alibaki amesimama mpaka binti alipomaliza maji na kurudi ndani, na hata mlango ulipofungwa aliendelea kuutazama.